Jangwani pamefungwa: ujumbe wa kuahirisha kikao unaoenea kwenye meseji moja

*"Naishi Kimara, nafanya kazi ya mauzo kwenye kampuni ndogo ya viyoyozi. Mwezi uliopita nilikuwa na kikao na meneja wa hoteli moja Upanga, saa 4 asubuhi. Usiku kucha mvua, Jangwani pakafungwa, na nyumbani umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Nikamwandikia WhatsApp ndefu, nikaeleza yote, nikaomba radhi. Jioni akanijibu neno moja: 'Nilikusubiri.' Bosi wangu anasema mistari miwili ilitosha. Lakini yule ni mtu mzima, nitamwandikiaje mistari miwili kama namwagiza soda? Na siku ya mgomo wa daladala, au umeme ukikatika, niandike nini?"*

Bosi wako amepata nusu. Mistari miwili inatosha kweli, lakini hata mistari miwili ingekuponza siku ile kama ingeanza pale ulipoanzia wewe. Nimefanya kazi ya uhazili kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikiwa ni kupanga na kupangua vikao vya watu wengine, na jibu la "nilikusubiri" nimelisikia mara nyingi. Mara nyingi mtu huyo hakuwa amekasirishwa na mvua. Alikuwa hajajua kwamba kikao hakipo.

Fikiria simu yake ilivyokuwa asubuhi ile. Imelala mezani, kioo kimejifunga, yeye anavaa viatu. Ujumbe unapoingia, kioo humwonyesha jina lako na maneno machache ya mwanzo, basi. Kama uliandika kama wengi wetu tunavyoandika, alichokiona ni hiki: "Shikamoo mzee wangu, habari za asubuhi, natumaini umeamka salama wewe na familia, poleni na mvua hizi..." Hapo anajua kijana wa viyoyozi amemsalimia. Atamjibu akitulia. Taarifa kwamba huji ilikuwa mstari wa nane, na mstari wa nane haukutokea kwenye kioo.

Wapo wanaofanya vibaya zaidi. Wanatuma "Shikamoo" peke yake, kisha wanasubiri "Marahaba" ndipo waseme shida yao. Ana kwa ana huo ndio utaratibu, tena mzuri. Kwenye simu, saa 1 asubuhi, na mwenzako yupo kwenye usukani, "marahaba" inaweza kuja saa 5.

Sikuambii uache salamu. Mtu mzima wa Dar es Salaam akipokea ujumbe wa kijana unaoanza na "Kikao cha leo hakipo", ataelewa, lakini atakukumbuka vibaya. "Shikamoo Mzee" ni maneno mawili tu, na baada yake nukta. Habari za familia, mvua na afya zina nafasi yake mkikutana. Kuhusu soda, jambo ambalo watu hulikosea ni kudhani heshima inakaa kwenye wingi wa maneno. Kwa Kiswahili heshima inakaa zaidi kwenye kitenzi. "Tukutane kesho saa 4" ni agizo, hata ukilizungushia mistari kumi ya radhi. "Naomba kiwe kesho saa 4, itakufaa?" ni ombi, na ni fupi. Unamwachia yeye aamue, na hicho ndicho mtu mzima anachotaka kuachiwa.

Sasa turudi kwenye ujumbe wako kutofika, maana hilo nalo linawezekana. Kwenye WhatsApp tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujaingia kwenye simu yake. Labda hana bando, labda amezima data, labda simu imezimika kwa sababu na kwake umeme umekatika. Tiki mbili za kijivu maana yake umeingia, haimaanishi ameusoma. Zikiwa za buluu ameufungua, ingawa kuna watu wamezima alama hiyo, kwa hiyo kukosa buluu si ushahidi. Ukifungua ujumbe ule wa mwezi uliopita na kuubonyeza kwa muda, utapata sehemu ya taarifa inayoonyesha saa ulipofika na, kama hakuzima, saa uliposomwa. Iangalie. Ikiwa ulifika saa 11 jioni, basi tatizo lako halikuwa uandishi kabisa, lilikuwa njia uliyochagua.

Ndiyo maana kwa dharura ya siku hiyo hiyo mimi hutanguliza meseji ya kawaida, ile ya SMS, hasa kama umeme umekatika eneo kubwa. Haihitaji bando la intaneti, na inapita hata pale ambapo mtandao umedhoofika kiasi kwamba picha haifunguki. Ina mpaka wake, na mpaka huo ni msaada: meseji moja hubeba herufi 160, tukihesabu nafasi na nukta. Ukizidisha, simu huikata vipande na kuviunganisha upande wa pili, na siku ya mtandao mbaya kipande kimoja kinaweza kuchelewa. Halafu kuna mtego ambao wengi hawaujui. Ukiweka emoji hata moja, ile mikono iliyokutanishwa ya kuomba radhi kwa mfano, meseji yote hubadilishwa mfumo wa kuandikwa na mpaka unashuka hadi herufi 70. Kwenye simu nyingine hata ile alama ya juu ya "ng'ombe" ikiandikwa kwa mtindo wa kujipinda hufanya hivyo hivyo. Herufi zetu za kawaida hazina shida yoyote.

Kabla ya kuandika herufi hata moja, kuna uamuzi wa kufanya, na hapa ndipo ulipojikwaa zaidi. Ulimpa sababu mbili: Jangwani na umeme. Najua zote zilikuwa kweli. Lakini msomaji akikutana na sababu mbili huanza kuzipima, na akizipima ataona moja haina uzito. Umeme wa Kimara unazuiaje mtu kufika Upanga kwa miguu yake? Hauzuii. Kikao kilikuwa ofisini kwake, si kwa video, wala hukuwa na mkataba wa kuchapisha asubuhi hiyo, angalau hukusema hivyo. Kilichokuzuia ni barabara. Ukiongeza na umeme, ukweli wako unaanza kunuka kisingizio. Taja kitu kimoja, kile ambacho kingeondoka ungefika.

Na ukitaje kwa jina la mahali. "Kutokana na changamoto za usafiri" hakumwambii mtu kitu, ni maneno ambayo hata aliyelala anaweza kuyaandika. "Foleni" nayo ni sababu dhaifu mjini kwetu, kwa kuwa kila mtu anaijua na kila mtu hutoka mapema kwa ajili yake. "Jangwani pamefungwa" ni maneno mawili, na mkazi yeyote wa mji huu anaelewa yaliyobaki bila kuelezwa: kwamba Mto Msimbazi umejaa, kwamba Barabara ya Morogoro imekatika kati ya Magomeni na Fire, kwamba mwendokasi wa Kimara kwenda Kivukoni hauvuki. Anaweza pia kulithibitisha kwa kumuuliza mlinzi wake getini. Huhitaji kutuma picha ya maji.

Ila usitegemee kwamba neno hilo linakufungulia mlango wa kutokwenda. Yule meneja naye anaijua ramani. Anajua kwamba kutoka Ubungo mtu anaweza kushika Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha Uhuru kuingia Kariakoo, au akiwa Magomeni akakata Barabara ya Kawawa kwenda Kinondoni, kisha Ali Hassan Mwinyi na kuvuka Selander au Daraja la Tanzanite. Shida ni kwamba siku hiyo magari yote ya Morogoro yamehamia huko huko, na Kawawa nayo ina bonde lake pale Mkwajuni ambalo hujaa maji mvua ikizidi. Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu: ningetoka saa 12 nikazunguka Buguruni, ningefika saa ngapi? Kama jibu ni saa 4 na nusu, usiahirishe. Mwambie utachelewa nusu saa. Kama jibu ni "sijui", ahirisha, tena mapema. Kitu kibaya kuliko vyote ni "nipo njiani" ya saa 3, ikifuatwa na "nakaribia" ya saa 4, ikifuatwa na kuahirisha saa 5. Hapo umemlia mwenzako asubuhi nzima.

Uamuzi wa pili ni saa mpya. Katika ujumbe wote hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapoandika "nitakujulisha". Nitakujulisha si saa. Ukiandika hivyo umemwachia mwenzako shajara yenye shimo, na kazi ya kukufuatilia. Toa siku moja na saa moja mahususi. Usitoe chaguo tatu, maana atalazimika kufungua shajara na kulinganisha, na mtu aliye barabarani hafanyi hivyo. Moja, ambayo anaweza kuijibu "sawa" au "hapana, labda Alhamisi".

Saa hiyo uichagueje? Angalia kizuizi chako kinaishije. Maji ya Jangwani hayakauki mvua inapokatika. Mto unaendelea kuleta ya juu, Pugu na Kisarawe, na hata yakishuka hubaki tope na takataka barabarani ambazo lazima ziondolewe kabla askari wa usalama barabarani hawajaruhusu magari. Kwa hiyo "leo saa 8 mchana" ni ahadi usiyoweza kuilinda. Kesho asubuhi ni salama zaidi, kama utabiri haujasema mvua nyingine kubwa. Katikati ya masika, mwezi wa Aprili hasa, mimi huongeza kinga: simu. Nitaieleza baadaye kidogo.

Basi hebu tuandike ujumbe wako. Tuseme siku ile ilikuwa Jumanne tarehe 14 Aprili, saa 12 na robo asubuhi, umeshathibitisha kwamba barabara imefungwa. Ningeandika hivi:

*"Shikamoo Mzee. Samahani, kikao cha leo saa 4 asubuhi hakitawezekana, Jangwani pamefungwa. Naomba kiwe kesho Jumatano 15/4, saa 4 asubuhi, hapo hapo. Itakufaa?"*

Nimeihesabu: herufi 158. Inaenea kwenye meseji moja, na kama ikienda WhatsApp, maneno "kikao cha leo" yatatokea kwenye kioo bila kuifungua. Samahani ni moja. Watu hupenda kurudia radhi mwanzoni, katikati na mwishoni, na ya tatu huanza kumpa msomaji kazi ya kukubembeleza. Angalia pia nimeandika "hakitawezekana" mapema kuliko sababu. Ukianza na sababu, msomaji anasoma habari za mvua bila kujua zinamhusu nini.

Kuna vitu viwili ndani ya ujumbe huu vinavyoonekana kama urembo na si urembo. Cha kwanza ni "asubuhi" iliyorudiwa. Miaka mingi iliyopita niliwahi kumpangia mkurugenzi wangu kikao na mgeni kutoka nje ya nchi. Umeme ulikuwa umekatika, nikaandika haraka haraka kwa simu kwamba kikao kimehamishwa hadi "kesho 4:00". Nilikuwa na maana ya saa nne, saa yetu. Mgeni akaja saa 10 jioni, kwa saa yake 4:00 ilikuwa hiyo. Mkurugenzi alikuwa ameshaondoka. Tangu hapo sijawahi kuandika tarakimu ya saa bila sehemu ya siku. Saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, saa 2 usiku. Kama unamwandikia mtu ambaye shajara yake iko kwenye kompyuta, na mameneja wa hoteli wengi wako hivyo, unaweza kuongeza "yaani 10:00" na mkosano unaisha. Usichanganye tu: "4:00" haisomeki kwa usalama na mtu yeyote mjini hapa.

Cha pili ni "kesho Jumatano 15/4". Kesho inamtosha anayesoma leo. Anayeusoma ujumbe usiku wa manane, au anayeletewa na msaidizi wake asubuhi inayofuata, kwake kesho ni siku nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo siandiki kwamba kikao "kimesogezwa". Nimeshuhudia ofisi ikibishana kama kusogeza mbele ni kukichelewesha au kukiwahisha. Andika kilikuwa lini na kitakuwa lini, ubishi hautakuwepo.

Umetuma. Sasa weka simu mkononi, kazi haijaisha. Dakika 15 zikipita bila jibu, piga. Wengi wenu vijana mnaogopa kupiga, mnaona ujumbe ndio ustaarabu. Kwa kikao cha siku hiyo hiyo ni kinyume chake, na watu wazima wengi hupenda kusikia sauti. Simu yenyewe iwe fupi kama ujumbe: "Shikamoo Mzee, nimekutumia meseji. Jangwani pamefungwa, naomba tukutane kesho saa 4 asubuhi." Asipopokea, piga mapokezi ya hoteli, au msaidizi wake, uache ujumbe huo huo na uulize jina la aliyeupokea. Hoteli ina mtu kwenye simu saa zote, hiyo ni bahati ambayo hukuitumia. Usipige mara saba mfululizo. Mbili zinatosha kwa mtu mmoja, kisha hamia kwa mwingine.

Akijibu "sawa", funga kwa sentensi moja: "Ahsante Mzee, kesho Jumatano saa 4 asubuhi nitakuwa hapo." Ndipo ile kinga niliyoisema inaingia: "Maji yasipopungua nitakupigia saa hiyo hiyo tuzungumze kwa simu." Hii siiweki kwenye ujumbe wa kwanza kwa sababu inamfanya msomaji achague vitu viwili kwa mpigo. Lakini ni muhimu uwe nayo, kwa kuwa kuahirisha mara moja kwa sababu ya mafuriko hakuna anayekulaumu. Mara ya pili, hata kwa mafuriko yale yale, analaumiwa aliyeahirisha. Alijua mto uko pale.

Mgomo wa daladala ni mnyama mwingine. Kwanza, huenda mwenzako hajui kama upo. Mtu anayetoka kwake na gari binafsi ataona barabara nyeupe na kufurahi. Kwa hiyo hapa taja sababu kwa ukamilifu kidogo zaidi, "daladala za Mbagala zimegoma tangu asubuhi", si "mgomo" tu. Pili, mgomo haufungi barabara. Bodaboda na bajaji zipo, ingawa bei hupanda na foleni ya kuzipata ni ndefu. Kwa hiyo mara nyingi utafika, ila umechelewa, na ombi la haki ni kusukuma saa badala ya siku. Kama mwenzako amekuja kwa gari na ana kikao kingine baada yako, mwambie mapema ukubali kufupishiwa:

*"Habari za asubuhi Mama. Daladala za Mbagala zimegoma, natafuta bodaboda. Naomba tuanze saa 5 asubuhi badala ya saa 4. Kama haitawezekana, kesho saa 4 asubuhi?"*

Hapa nimevunja kanuni yangu ya chaguo moja, makusudi. Kuchelewa kwa saa moja huenda kukagonga kikao chake kingine, na bila njia ya pili angelazimika kuandika ujumbe mrefu kuliko wako.

Jambo moja kuhusu uvumi. Jioni kabla ya mgomo unaosemwa, makundi ya WhatsApp hujaa sauti na picha, nyingine za mwaka juzi. Usiahirishe kikao kwa uvumi. Tuma tahadhari tu kama lazima, "Nasikia kesho kuna mgomo, nitakuthibitishia saa 12 asubuhi", halafu uthibitishe kweli saa 12. Ukithibitisha kwamba hakuna mgomo, nayo ni habari, itume.

Umeme sasa. Umeme unaahirisha kikao kimoja tu, kile kinachouhitaji. Cha video, chenye picha za kuonyesha ukutani, chenye mkataba wa kuchapisha, au kile ambacho ofisi iko ghorofa ya 9 na lifti haina jenereta. Hicho cha mwisho watu hukisahau: kama wageni wako ni watu wazima na lifti imelala, usiwaite wapande ngazi, hamisha mkutano chini mapokezi au hotelini jirani na uandike hivyo. Kama umekatika kwako na kikao ni cha video, jaribu kwanza kubadilisha namna badala ya saa. "Umeme umekatika, naomba tuongee kwa simu ya kawaida saa ile ile" ni ujumbe bora kuliko kuahirisha wowote, na mkutano wa watu wawili hauna sababu ya kushindwa kwa simu. Chaji iliyobaki uiweke kwa ajili ya hiyo simu, usiimalize kwenye kutafuta mtandao.

Usiandike "umeme ukirudi tutaendelea". Hata mafundi wa TANESCO walioko kwenye nguzo mara nyingi hawana saa ya kukupa mpaka waione hitilafu yenyewe. Ikiwa ni katizo lililotangazwa la matengenezo, lenye saa ya kuanza na kumaliza, weka kikao angalau saa moja baada ya ile ya kumaliza. Ikiwa ni la ghafla, nenda kesho. Na kabla ya kutuma, tazama kama ni Luku yako tu imeisha. Nacheka nikiandika, lakini nimepokea ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kwangu taa zinawaka.

Kuna vikao ambavyo hakuna ujumbe, mfupi wala mrefu, unaoviahirisha, na hapa nenda kwa mtu. Tarehe ya mahakamani haihamishwi na meseji yako kwa karani. Mpigie wakili wako mara moja, na kama huna wakili fanya kila njia ufike au umtume mtu afike kutoa taarifa. Muda wa kufunga zabuni kwenye mfumo wa NeST hauangalii kama Kimara kuna umeme, kwa hiyo nyaraka zitangulie siku mbili kabla. Kikao cha bodi au cha wanachama kina katiba yake, kina akidi, na kina mwenye mamlaka ya kukiahirisha, kwa kawaida mwenyekiti. Ukiwa katibu ukatuma "kikao hakipo" kwa wajumbe wote bila kauli yake, unaweza kukuta wajumbe watano walishafika, akidi imetimia, na wamepitisha maamuzi bila wewe. Hapo mpigie mwenyekiti kwanza, kisha tuma kwa jina lake: "Kwa maelekezo ya Mwenyekiti..."

Umebaki na meneja wako wa Upanga. Ujumbe mwingine usimtumie. "Nilikusubiri" ni neno la mtu aliyekaa ofisini akiangalia saa, na halijibiwi kwa maandishi. Piga mapokezi ujue yupo siku gani, nenda asubuhi barabara ikiwa wazi, bila vipeperushi vya viyoyozi mkononi. Mwamkie, mwambie siku ile ulipaswa kupiga simu na hukupiga. Usirudie habari za Jangwani, anazijua. Asipozungumzia viyoyozi, ondoka baada ya dakika tano. Akizungumzia, muulize ni lini angependa mkae, na safari hii saa aitaje yeye.